Pendekezo limerudishwa: "Maudhui yapo, mpangilio haupo. Panga upya kwa sura." Nianzie wapi?

BintiNgamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu hamjambo.

Nasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili. Pendekezo langu la utafiti limerudi kutoka kwa msimamizi likiwa na maneno hayo niliyoyaweka kwenye kichwa cha uzi. Mada ni kanga, na anwani niliyoipa ni "Umuhimu wa Kanga katika Jamii ya Waswahili wa Tanga". Ni kurasa 14, na nimeziandika kama insha moja: historia ya kanga kurasa 4, kisha malengo 5, kisha nadharia, kisha watafiti waliotangulia, historia tena kidogo, mwisho jinsi nitakavyowahoji watu.

Nimechukua mwongozo wa idara, nikaandika vichwa vyote (Usuli, Tamko la Tatizo, Malengo, Maswali, Umuhimu, Mawanda, Mapitio ya Maandiko, Kiunzi cha Nadharia, Mbinu za Utafiti) nikaanza kuhamishia aya chini yake. Nimekwama. Aya moja inataka kukaa sehemu tatu, na chini ya Tamko la Tatizo nina mistari miwili tu. Naweka aya moja hapa mwone wenyewe:

"Kanga ni vazi muhimu kwa mwanamke wa Kiswahili. Wanawake wengi wa Tanga huchagua kanga kwa kuangalia jina lake. Mtafiti atawahoji wanawake ili kujua kwa nini wanachagua hivyo. Watafiti wengi wameandika kuhusu kanga lakini hawakuchunguza Tanga. Nadharia ya Tendo-Usemi inasema kwamba kusema ni kutenda. Utafiti huu utawasaidia wanawake kujua maana ya majina ya kanga."

Hii niiweke wapi?

FundiTakwimu

Dada, usijichoshe. Pendekezo lolote lina mfupa mmoja: nadharia tete. Andika nadharia tete zako kwanza, malengo yatakuja yenyewe. Halafu kwenye mbinu wasimamizi wanaangalia sampuli. Tumia kanuni ya Yamane:

```
n = N / (1 + N * e^2)
```

Mfano mtaa wako una wanawake 1,200 na kosa unaloruhusu ni 0.05, unapata 1200 / (1 + 3) = 300. Unagawa hojaji 300, umemaliza. Hapo hakuna mtu atakayekurudishia tena.

Mkulima_Kibaha

Asanteni kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Na mimi andiko letu la kikundi limerudishwa. Tunaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, kwa ajili ya kuku wa mayai. Tumeambiwa tuanze na usuli na tatizo. Je, bajeti ya vifaranga inakaa kwenye mbinu au mwisho?

Kalamu_Nyekundu

Mkulima, lako ni andiko la mradi. Mkopeshaji anataka kujua fedha itarudije, kwa hiyo bajeti na mchanganuo wa mapato ndivyo moyo wake, na fomu ya halmashauri yenu ndiyo itakayokupa mpangilio. Hapa tunazungumzia andiko la kutafuta jibu ambalo halijajulikana. Fungua uzi wako, wapo watu wa mikopo humu watakusaidia vizuri kuliko mimi.

BintiNgamiani, marahaba. Nimesimamia wanafunzi wa uzamili miaka mingi na pendekezo la aina yako nalifahamu vizuri. Huwezi kulipanga kwa kuhamisha aya, maana aya zako zimechanganywa tangu zilipoandikwa. Hamisha sentensi. Chapisha pendekezo, chukua kalamu, na pembeni ya kila sentensi andika inafanya kazi gani. Tuifanye hiyo aya yako sasa hivi.

Sentensi ya kwanza, "Kanga ni vazi muhimu", ni usuli. Lakini haisemi kitu ambacho msomaji wa Kiswahili hakijui, kwa hiyo usishangae ikifutwa kabisa.

Ya pili ndiyo hatari kuliko zote. Unasema wanawake wengi wa Tanga huchagua kwa kuangalia jina. Umejuaje? Kama kuna aliyelithibitisha hilo, mtaje, na sentensi iende kwenye mapitio. Kama hayupo, hilo ni jambo unalokwenda kulitafuta, nawe umekwisha kulijibu kabla ya kutoka nyumbani. Ukiiacha kwenye usuli, msomaji makini atauliza: sasa Tanga unakwenda kufanya nini?

Ya tatu ni mbinu, inakwenda sura ya tatu. Ya nne ingekuwa pengo, na pengo linaishi mahali pawili: linaonyeshwa mwishoni mwa mapitio, na linatajwa kwa ufupi kwenye tamko la tatizo. Ila "hawakuchunguza Tanga" peke yake si pengo. Hawakuchunguza Pangani wala Kilwa pia. Lazima useme Tanga ina nini kitakachobadilisha jibu. Ya tano ni kiunzi cha nadharia. Ya sita ni umuhimu, nayo ina kasoro: mwanamke wa Ngamiani anajua maana ya jina la kanga kuliko sisi wote humu. Yeye ndiye mtoa data wako, usimgeuze mwanafunzi wako.

Kwa hiyo sentensi 6 zimekwenda sehemu 6, moja yao ikiwa inangoja ushahidi. Ndiyo maana aya ilikukatalia kukaa. Fanya hivyo kwa kurasa zote 14, halafu rudi hapa utuambie pembeni umeandika neno gani mara nyingi zaidi na neno gani hukuliandika kabisa.

FundiTakwimu

Mwalimu, kuhusu sampuli hujasema kitu.

Kalamu_Nyekundu

Sampuli haiwezi kuzungumzwa kabla ya malengo, ndugu yangu. Nitakujibu tukifika.

Mtu_wa_Mafaili

Jambo dogo la kompyuta wakati unangoja. Usikate na kubandika kwa mkono kwenye Word, utapoteza vipande. Vichwa vikubwa vyote vipe mtindo wa `Heading 1`, vidogo `Heading 2`. Kisha nenda `View`, weka alama kwenye `Navigation Pane`. Kushoto utaona orodha ya vichwa vyako, na ukikamata kichwa ukakivuta juu au chini, maandishi yote yaliyo chini yake yanakifuata. Yaliyomo nayo utayapata kupitia `References` halafu `Table of Contents`, na kila ukihamisha kitu unabofya `Update Table`. Wengi huandika yaliyomo kwa nukta za mkono, na namba za kurasa zinakuwa za uongo siku ya kuwasilisha.

BintiNgamiani

Nimefanya kama ulivyosema, Mwalimu, imenichukua usiku mzima. Neno lililojaa pembeni ni "usuli", karibu nusu ya kazi: kanga ilikotoka, kwamba mwanzoni haikuwa na maandishi, kwamba majina yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi, nguo iliyokuwa ikichapwa ng'ambo kisha kiwanda cha Urafiki mwaka 1968, na pindo, mji na jina. Neno ambalo sikuliandika hata mara moja ni "tatizo". Ile mistari miwili niliyoiita tamko la tatizo, nilipoisoma upya, nimeiandikia "umuhimu".

Kalamu_Nyekundu

Vizuri sana. Sasa unajua ulichorudishiwa. Msimamizi aliposema mpangilio haupo, alikuwa anaona kazi isiyo na tatizo, na bila tatizo hakuna kinachoamua nini kitangulie na nini kifuate.

Usuli kwanza, maana ni mwepesi. Kurasa 4 zitapungua ziwe moja na nusu. Kila habari ya kihistoria iulize kama inamsogeza msomaji kuelekea kwenye jambo utakalolichunguza. Kama utachunguza jina, basi habari kwamba kanga ilikuwapo kabla ya kuwa na jina ina maana kubwa, kwa sababu inaonyesha maandishi yaliongezwa na watu wakayatafutia kazi. Kiwanda cha Urafiki ni habari nzuri lakini kwa kazi hii haina pa kwenda, isipokuwa uwe unauliza nani anayetunga majina.

Sasa acha kila kitu, uandike tamko la tatizo peke yake, lisizidi ukurasa mmoja. Liwe na mambo matatu yanayofuatana: nini kinajulikana tayari, nini hakijulikani, na kwa kutojua hilo tunashindwa kueleza nini. Usiandike malengo bado. Na kabla ya kusema nini hakijulikani, soma. Kazi za kanga zipo. Saida Yahya-Othman ana makala ya mwaka 1997 kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke katika jamii ya Waswahili. Anza na hiyo, kisha tasnifu za maktaba ya chuo chenu. Pengo la mtu ambaye hajasoma hubomoka dakika ya kwanza ya kuwasilisha.

Nyali_Leo

Hamjambo wa Bara na Visiwani. Mimi nilimaliza uzamili wangu Kenya, na mada yangu ilikuwa jirani ya hii, maana huku kwetu Mombasa tunasema leso. Vichwa vyetu ni tofauti kidogo: nadharia kwetu ilikaa ndani ya sura ya kwanza pamoja na yaliyoandikwa kuhusu mada, na njia za utafiti pia humo humo. Sura ya pili ilikuwa kazi yenyewe. Kwa hiyo usishtuke ukiona tasnifu ya mtu iko hivyo, fuata mwongozo wa idara yako.

Ila nina neno juu ya mada. Mimi niliwauliza akina mama, "Ulimnunulia leso hii kwa sababu gani?" Wote wakanijibu, "Nilipenda rangi." Hata yule aliyempa wifi yake "Hasidi hana sababu" aliniambia ni rangi tu, na jina hakulitazama. Nikatoka bila data ya lengo hilo, ikabidi nilifute.

BintiNgamiani

Dada Nyali, hapo umenigusa. Nimesoma ile makala na tasnifu kadhaa, na nimejaribu tamko la tatizo:

"Majina ya kanga yamechunguzwa na watafiti mbalimbali kama methali, kama mipasho na kama sauti ya mwanamke. Hata hivyo, wanawake wa Tanga bado hawajachunguzwa vya kutosha. Hivyo utafiti huu unakusudia kuziba pengo hilo kwa kuchunguza majina ya kanga Tanga."

Najua bado ni fupi.

Kalamu_Nyekundu

Ufupi wake haunisumbui. Kinachonisumbua ni kwamba umeruka jambo la pili na la tatu. "Vya kutosha" haipimiki: kutosha kwa nani? Lakini tazama alichokuletea Nyali. Mtu ametoa kanga yenye maneno makali, mpokeaji ameyasoma, na mtoaji anasema ni rangi. Je, tendo limefanyika au halikufanyika? Nadharia yako inasema kusema ni kutenda. Hapa kuna mtu ametenda kwa maneno ambayo hakuyatunga, yamechapwa kiwandani, na anaweza kuyakana wakati wowote. Hilo ni tatizo la utafiti.

BintiNgamiani

Mwalimu, nimekaa nalo siku mbili. Hili hapa:

"Kazi zilizochunguza majina ya kanga, ambazo mtafiti amezisoma, zimeeleza maana na dhima zake kwa kuyachukulia majina hayo kama matini au kwa kutegemea zaidi maelezo ya mvaaji. Kwa hiyo inajulikana kwamba jina la kanga hubeba ujumbe. Kisichoelezwa bayana ni kinachotokea pale mtoaji na mpokeaji wanapofasiri jina moja kwa namna mbili, hasa mtoaji anapokana kwamba alikusudia ujumbe wowote. Bila kulinganisha fasiri za pande mbili, ni vigumu kueleza ni nini kinacholifanya jina la kanga lihesabiwe kuwa onyo, pole au pongezi: ni maneno yenyewe, ni uhusiano wa wahusika, au ni wakati kanga ilipotolewa."

Nyali_Leo

Mashallah! Hili ningelisoma mpaka mwisho.

Kalamu_Nyekundu

Hilo ni tamko. Hakikisha tu sentensi ya kwanza ina wanaotajwa kwa majina na miaka, na kwamba kweli ulizozisoma ziko hivyo. Ukikuta moja iliyolinganisha pande mbili, usiifiche, itaje na useme yako inaongeza nini.

Sasa rudi kwenye malengo. Ulisema yalikuwa 5. Yaweke hapa.

BintiNgamiani

Yalikuwa haya: 1. Kujua historia ya kanga. 2. Kuelewa maana ya majina ya kanga. 3. Kuchunguza umuhimu wa kanga kwa wanawake. 4. Kujua kwa nini wanawake huchagua majina fulani. 5. Kutoa mapendekezo ya kuhifadhi kanga.

Kalamu_Nyekundu

Lengo la 1 lilijibiwa na usuli, halihitaji mtu kwenda Tanga. La 5 si lengo, mapendekezo hutolewa na kila utafiti mwishoni. La 3 ni pana kiasi kwamba hutajua umelimaliza lini. Na "kujua" na "kuelewa" ni mambo yanayotokea ndani ya kichwa chako, msomaji hawezi kuyakagua. Akikuuliza umeelewa, utasema ndiyo. Tumia kitenzi kinachoacha kitu mezani: kubainisha huacha orodha, kuainisha huacha makundi, kulinganisha huacha tofauti na mfanano.

Kisha usome tamko lako la tatizo uone malengo yamelala wapi. Mimi nayaona matatu. Kwanza lazima uonyeshe majina yaliyopo yanatenda nini, hilo ni kubainisha aina za vitendo-usemi katika majina ya kanga zinazouzwa Tanga mjini. Pili, kulinganisha fasiri ya mtoaji na ya mpokeaji kwa kanga ile ile. Tatu, kueleza mambo yanayoifanya fasiri ya mpokeaji iwe kama ilivyo. Kila lengo mahususi litakuwa na swali lake, kwa mfuatano ule ule. Ukiwa na malengo 3 na maswali 5, kuna lengo umelificha au swali umeliokota njiani.

FundiTakwimu

Na nadharia tete?

Kalamu_Nyekundu

Kwa kazi ya takwimu ningekuunga mkono, kwa sababu huko unatabiri uhusiano kisha unaupima. Hapa hajui atakuta makundi gani ya fasiri, atatabiri nini? Maswali yanatosha.

Na sasa sampuli, kama nilivyoahidi. Hesabu yako ya 300 ni sahihi kama hesabu. Lakini kanuni ile inakusaidia unapotaka kukadiria kiwango, tuseme ni asilimia ngapi ya wanawake wa mtaa wanafanya jambo fulani, na umewachagua kwa bahati nasibu kutoka orodha kamili. Malengo haya hayaulizi asilimia. Na hojaji 300 zitamletea "nilipenda rangi" mara 300.

FundiTakwimu

Nimekuelewa kwa lengo la pili na la tatu. La kwanza bado naona linahitaji hesabu. Akisema majina ya onyo ni mengi kuliko ya pongezi sokoni, si lazima ajue amechukua majina mangapi kati ya mangapi?

Kalamu_Nyekundu

Hapo umesema kweli, na ni hoja nzuri. Hakuna orodha kamili ya majina yaliyopo sokoni, doti mpya huingia kila mara. Kwa hiyo ana njia mbili. Ama asiseme kabisa "mengi" wala "machache", abainishe aina tu. Ama aweke mpaka unaoonekana: majina yote yaliyotundikwa katika maduka fulani ya Tanga mjini katika wiki moja aliyoitaja, na kila hesabu aitoe ndani ya mpaka huo. Mpaka huo auandike kwenye mawanda, ili usije ukaonekana kama udhuru huko mwishoni. Mimi ningechukua njia ya pili.

BintiNgamiani

Nachukua ya pili. Sasa sura ya tatu, mwanzo niliandika "Mtafiti atatumia usaili, hojaji, ushuhudiaji, majadiliano ya vikundi na maktaba." Naona hapo ndipo nitakapopigwa tena.

Kalamu_Nyekundu

Utapigwa kweli, maana umeorodhesha kila mbinu unayoifahamu. Andika malengo yako matatu kwenye karatasi, moja chini ya jingine, na mbele ya kila moja ujaze: data gani, nitaipata kwa nani au wapi, kwa njia gani, nitaichambuaje. Mbinu isiyojaza nafasi yoyote, itoe. Lengo lisilo na mbinu, ama ulitafutie au uliondoe.

Lengo la kwanza: data ni majina, chanzo ni kanga za dukani, njia ni kupiga picha kwa ridhaa ya mwenye duka na kunakili jina kama lilivyo, hata kama lina kosa la tahajia. Uchambuzi ni makundi matano ya vitendo-usemi ya Searle. Hapo uwe mwangalifu: "Wache waseme" kwa umbo ni agizo, lakini hakuna anayeagizwa kitu, ni mtu anaonyesha kwamba hajali. Andika kwenye sura ya tatu utaamuaje jina la namna hiyo linakaa kundi gani, na nani mwingine atayaainisha ili mlinganishe. Usipoandika, wasikilizaji wako watauliza hilo kabla ya jingine lolote.

Lengo la pili ndilo gumu, na Nyali amekwisha kukuonyesha kwa nini. Dada Nyali, ungelirudia leo ungefanyaje?

Nyali_Leo

Ningeanzia kwa mpokeaji, kabatini mwake. Ningemwomba anionyeshe leso alizopewa, na kwa kila moja nimuulize alipewa na nani, lini, palikuwa na nini siku hiyo, naye aliichukuliaje. Mtu huyasema ya leso aliyopewa kwa urahisi kuliko ya aliyoitoa. Mama mmoja alinifunulia "Fadhila ya punda ni mateke", akaniambia hajaivaa hata siku moja, ila kuitupa hawezi.

Kwa mtoaji nisingeuliza "ulimlenga nani". Ningemuuliza leso hii ungempa nani na usingempa nani kamwe. Hapo ndipo wanapoeleza, maana hawajishtaki.

BintiNgamiani

Lakini Dada Nyali, nikianzia kwa mpokeaji kisha nikaenda kwa mtoaji wa kanga ile ile, si atajua kwamba mwenzake amemtaja?

Nyali_Leo

Atajua. Na mtaani kwenu mtagombana.

Kalamu_Nyekundu

Hili liende kwenye maadili ya utafiti, na lisiwe ile aya ya kunakili inayosema "mtafiti atazingatia usiri". Usiri wa kawaida haukusaidii hapa. Unaweza kuficha majina kwenye tasnifu, lakini hao wawili wanajuana, na jina la kanga peke yake linatosha kuwatambulisha. Naona njia tatu na hakuna iliyo kamili. Unaweza kuchukua jozi zile tu ambazo pande zote mbili zimeridhia kabla, ila hapo utapata kanga za pongezi na "Nani kama mama", ugomvi hutauona. Unaweza kuwahoji wapokeaji na watoaji wasiohusiana, ukawaonyesha wote picha za kanga zile zile kutoka lengo la kwanza. Hapo uko salama, lakini unalinganisha fasiri za kudhania, si za tukio lililotokea. Au uchukue matukio yaliyopita muda mrefu ambayo wahusika wenyewe wanayazungumza hadharani.

Mimi ningekwenda na picha, kisha nikaongeza jozi chache zilizoridhia. Msimamizi wako anaweza kuona vingine, na ana haki.

Nyali_Leo

Mwalimu, kwa heshima, hapo sikubaliani. Picha zinaua kitu chenyewe. Leso bila aliyeitoa ni kitambaa chenye maandishi. Bora jozi nne za kweli kuliko watu thelathini wanaotazama picha.

Kalamu_Nyekundu

Huenda, Nyali. Lakini jozi nne zinamtaka mtafiti anayejulikana na kuaminiwa kwenye nyumba hizo. Binti atatuambia kama anazo.

BintiNgamiani

Jozi mbili ninazo, ni ndugu zangu. Sijui kama ndugu wanaruhusiwa.

Kalamu_Nyekundu

Wanaruhusiwa ukisema wazi kwamba ni ndugu na ukaeleza utakavyozuia uhusiano huo usikutafsirie data. Na sampuli yako itaje kwamba ni ya makusudi, na vigezo vya kuchagua: mwanamke mkazi wa Tanga mjini, aliyepokea au kutoa angalau kanga moja ambayo jina lake lilizua maneno. Idadi iandike kama makadirio, na useme utasimama pale mahojiano mapya yatakapoacha kuleta fasiri mpya.

Mambo mawili madogo halafu nikuache uandike. Sura ya tatu yote iwe katika wakati ujao: "data itakusanywa". Ukikuta kwenye aya zako mahali fulani "mtafiti aliwahoji", hiyo utaiandika ukishatoka uwandani, siyo sasa. Na barua ya chuo kwenda mkoani uiombe mapema, maana itashuka wilayani, kata, mpaka mtaa, na kila ofisi ina siku zake.

Mtu_wa_Mafaili

Kiunzi cha nadharia umekiweka wapi, kabla au baada ya mapitio?

BintiNgamiani

Mwongozo wetu unakiweka mwisho wa sura ya pili. Nadharia ya Tendo-Usemi inabaki kwa lengo la kwanza na la pili. Kwa lengo la tatu nafikiria Nadharia ya Staha ya Brown na Levinson, kwa sababu kanga inamruhusu mtu aseme jambo zito huku akijiachia mlango wa kukana. Ila naogopa kuambiwa nadharia mbili ni nyingi kwa uzamili.

Kalamu_Nyekundu

Wapo watakaokwambia hivyo. Kipimo changu ni hiki: ukiiondoa ya pili, je, lengo la tatu bado linajibika? Kama Tendo-Usemi ya Austin na Searle inakutosha kueleza kukana, baki na moja.

BintiNgamiani

Nimejaribu usiku huu na data ya Dada Nyali ya wifi, kwa nadharia moja. Naweza kusema tendo gani limefanyika, lakini siwezi kueleza kwa nini mtoaji achague njia ambayo anaweza kuikana badala ya kusema kwa mdomo. Nimezibakiza zote mbili, na nimeandika kwenye 2.4 kila moja inajibu lengo gani.

Sasa swali la mwisho, Mwalimu. Anwani bado ni "Umuhimu wa Kanga katika Jamii ya Waswahili wa Tanga". Nibadilishe sasa au ningoje msimamizi?

Kalamu_Nyekundu

Badilisha sasa, umpelekee na ya zamani chini yake ili aone safari. Anwani itokane na lengo kuu. Kitu kama "Fasiri za Mtoaji na Mpokeaji wa Majina ya Kanga: Uchunguzi Kifani wa Tanga Mjini". Neno umuhimu liondoe, maana huchunguzi tena umuhimu.

BintiNgamiani

Nimeibadilisha. Sura ya kwanza sasa ina kurasa 5, usuli ukurasa mmoja na nusu. Jumatatu naipeleka, nitawaletea atakachosema kuhusu zile jozi.